Jinsi ya Kupanga Studio Ndogo ya Mazoezi: Nafasi Sakafuni, Vifaa, Ada na Wanachama Wanaoondoka

Watu wanaotaka kufungua studio ya mazoezi huniuliza maswali yaleyale: nitoze ada shilingi ngapi kwa mwezi, ninunue vifaa gani, na nikipata wanachama wangapi biashara itajilipa. Ni maswali ya msingi, lakini hayajibiki moja moja, kwa sababu ada inategemea idadi ya watu wanaoenea sakafuni, na idadi ya watu utakaokuwa nao inategemea zaidi wale wanaoacha kulipia kuliko wale wanaojiunga. Kwa hiyo nimeuandika mwongozo huu kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe ningeufuata kama ningeanza upya: sakafu kwanza, kisha ratiba, vifaa, gharama, ada, na mwishoni hesabu ya wanaoondoka, ambayo ndiyo nitakayoikalia kwa muda mrefu zaidi.

Mfano nitakaoutumia ni studio ya madarasa ya kikundi, yaani aerobiki, zumba na mazoezi ya vyuma vidogo, katika chumba cha kupanga kwenye eneo kama Tabata au Sinza, Dar es Salaam. Bei zote ni za mfano, nimeziweka ili hesabu ionekane. Wewe weka bei ulizopewa mtaani kwako, kisha ufuate njia ileile. Ukiwa unataka kufungua jimu ya mashine ambako kila mtu huingia na kutoka kwa wakati wake, hatua ya kwanza na ya pili hazitakufaa sana, ila nyingine zote zitakufaa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Chumba ulichokwisha kukiona kwa macho, hata kama hujakilipia, na ruhusa ya mwenye nyumba ya kukaa ndani yake saa moja ukipima.
- Futi ya kupimia, chaki na mkeka mmoja wa mazoezi.
- Bei ya pango kwa mwezi na idadi ya miezi inayotakiwa kulipwa kwa mkupuo.
- Makadirio ya walimu wawili au watatu kuhusu malipo yao kwa darasa moja.
- Bei za vifaa kutoka maduka yasiyopungua mawili.
- Daftari, au jedwali la Excel au Google Sheets.

Usajili wa jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara ya halmashauri utavihitaji pia, lakini usivikimbilie kabla ya kumaliza hatua ya saba, kwa kuwa hesabu inaweza kukuonyesha kwamba chumba hicho hakifai.

Hatua ya 1: Chora nafasi za watu kwa chaki

Wengi huchukua ukubwa wa chumba kama ulivyotajwa na dalali, wakaugawanya kwa mita nne za mraba kwa kila mtu, wakapata jibu. Jibu hilo karibu kila mara huwa kubwa kuliko ukweli, kwa sababu mtu haenei kwenye mabaki ya sakafu, bali kwenye mstatili kamili.

Chumba cha mfano wetu kikiondolewa mapokezi, sehemu ya kubadilishia nguo na stoo, kinabaki na sakafu ya mita 8 kwa mita 9. Mbele kabisa tenga mita moja na nusu kwa ajili ya mwalimu. Asipopata nafasi ya kupiga hatua kulia na kushoto, watu wa pembeni hawatamwona. Zinabaki mita 8 kwa mita 7.5. Sasa tandika mkeka sakafuni, ambao kwa kawaida una urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa sentimita 60, ulale juu yake, unyooshe mikono yote miwili, kisha mwenzako achore mstatili kukuzunguka. Mimi hutumia upana wa mita 1.6 na urefu wa mita 2.4, yaani mkeka pamoja na sentimita 60 za kupita miguu. Upana wa mita 8 unatoa safu tano, na urefu wa mita 7.5 unatoa mistari mitatu, hivyo nafasi ni 15. Halafu kuna nguzo katikati ya chumba, ambayo haikutajwa na mtu yeyote wakati wa kupatana bei, nayo inakula nafasi moja. Zinabaki 14.

Namba hiyo ya 14 ndiyo itakayotawala kila kitu kinachofuata. Usiipandishe kwa kuwa tu watu wamejaa mlangoni. Darasa la vyuma likibanwa, mtu humpiga mwenzake kwa kiwiko, na yule wa nyuma huacha kuyafanya mazoezi ya kulala kwa sababu hana pa kunyooshea miguu. Hatalalamika, ila mwezi ujao hutamwona.

Ukiwa bado ndani ya chumba, sikiliza na uangalie mambo mawili mengine. Kama ni ghorofani, dondosha kitu kizito kidogo halafu umuulize mpangaji wa chini amesikia nini. Kama ni chini, fungua madirisha yote uone hewa inapita upande gani, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi joto la Dar es Salaam katika chumba chenye watu 14 wanaoruka halivumiliki bila hewa ya kupita.

Hatua ya 2: Panga ratiba, kisha hesabu nafasi za wiki

Katika mji wa wafanyakazi, madarasa yanayojaa ni ya jioni baada ya kazi na la alfajiri kabla ya foleni. Darasa la saa 4 asubuhi linaonekana zuri kwenye karatasi, lakini usiliweke mpaka uwe na majina ya watu walioliomba.

Kwa mfano wetu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tuna madarasa matatu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 11:30 jioni na saa 1 usiku. Jumamosi tuna mawili. Jumla ni madarasa 17 kwa wiki, na kila moja lina nafasi 14, hivyo zipo nafasi 238. Hizo hazitajaa zote. Jumatatu na Jumanne jioni utawarudisha watu mlangoni, na Ijumaa usiku utakuwa na watu watano. Mimi hupanga kwa asilimia 70, yaani nafasi 166 hivi zinazotumika kwa wiki.

Mwanachama wa kawaida, ukichanganya anayekuja mara nne na yule aliyelipa lakini haonekani, nitamkadiria mara mbili kwa wiki. Gawanya 166 kwa 2, upate 83, tuseme 80. Hicho ndicho kikomo cha chumba hiki kwa ratiba hii. Kila mpango unaozungumzia wanachama 150 katika chumba hiki ni mpango wa chumba kingine.

Kosa la kawaida hapa ni kutegemea kwamba wanachama wengi waliolipa hawatakuja, kwa hiyo unaweza kuuza zaidi ya uwezo wako. Kwenye jimu ya mashine hesabu hiyo huenda ikavumilika, kwa kuwa mtu husubiri dakika tano akapata mashine. Kwenye darasa la kikundi, mtu aliyetoka Posta kwa daladala na kukuta darasa limejaa amepoteza jioni yake nzima. Weka utaratibu wa kushika nafasi kwa ujumbe wa WhatsApp kabla ya saa 8 mchana, na uufuate hata kwa rafiki zako.

Hatua ya 3: Nunua vifaa kwa idadi ya nafasi, na ukipe kila kifaa umri wake

Vifaa vya darasa hununuliwa kwa kufuata nafasi za sakafuni, siyo idadi ya wanachama. Tuna nafasi 14. Nunua seti 16 ili mbili ziwe za akiba. Kwa kila kifaa andika namba mbili: bei yake yote, na miezi utakayokitumia kabla ya kukitupa. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata kiasi ambacho kifaa hicho kinakula kila mwezi, hata kama mwezi huo hujanunua chochote.

- Sakafu ya vigae vya mpira, mita za mraba 60: shilingi 3,300,000 kwa miezi 60, sawa na 55,000 kwa mwezi.
- Dambeli za uzito mbalimbali, jumla kilo 250: 1,750,000 kwa miezi 60, karibu 29,000.
- Mikeka 16: 560,000 kwa miezi 12, karibu 47,000.
- Mikanda ya mpira ya kuvuta, 16: 240,000 kwa miezi 6, sawa na 40,000.
- Spika na kipaza sauti cha mwalimu: 1,200,000 kwa miezi 36, karibu 33,000.
- Vioo vya ukutani: 900,000 kwa miezi 60, sawa na 15,000.
- Feni nne: 480,000 kwa miezi 24, sawa na 20,000.

Jumla ya ununuzi ni shilingi 8,430,000, na jumla ya uchakavu kwa mwezi ni kama shilingi 240,000. Angalia kwamba mikanda ya mpira, iliyonunuliwa kwa bei ndogo kuliko vyote, inakula zaidi kwa mwezi kuliko dambeli zilizogharimu mara saba ya bei yake. Jasho na joto huukausha mpira, nao hukatika pale unapopita kwenye kishikio. Mwambie mwalimu aikague kila Jumatatu kwa kuivuta mbele ya taa. Akiona ufa mdogo mweupe, mkanda huo utupwe siku hiyohiyo, kwa sababu ukikatika ukiwa umevutwa hurudi usoni.

Shilingi 240,000 hizo ziweke kila mwezi kwenye akaunti ya pekee au kwenye laini ya simu ambayo huitumii kwa malipo mengine. Mashine za kukimbilia usizinunue katika awamu hii. Moja tu inachukua nafasi ya mtu mmoja sakafuni, inatumiwa na mtu mmoja kwa wakati, na ikiharibika utamsubiri fundi huku wanachama wakiitazama.

Hatua ya 4: Andika gharama za mwezi bila kuacha kitu

Hapa sina maelezo mengi. Kwa mfano wetu: pango 900,000, walimu 1,460,000, ambayo ni madarasa 73 kwa mwezi kwa shilingi 20,000 kila moja, mhudumu wa mapokezi 350,000, usafi na maji 250,000, umeme wa LUKU 250,000, intaneti, simu na makato ya miamala 90,000, matangazo 150,000, kodi na leseni zikigawanywa kwa miezi 150,000, na akiba ya vifaa 240,000. Jumla ni shilingi 3,840,000.

Mshahara wako mwenyewe haumo humo bado. Ikiwa unafundisha baadhi ya madarasa, jilipe shilingi 20,000 zilezile kwa kila darasa, kwa sababu siku utakayougua utamlipa mtu mwingine kiasi hicho.

Hatua ya 5: Panga ada kutoka chini kwenda juu

Gawanya gharama za mwezi kwa kikomo cha wanachama: 3,840,000 kwa 80 ni shilingi 48,000. Hii siyo ada yako. Ni sakafu ya ada, yaani kiwango ambacho ukitoza chini yake, hata studio ikijaa kila siku, utakuwa ukiongeza fedha kutoka mfukoni. Wenzetu wengi huweka ada ya 40,000 kwa kuwa jirani ametoza 45,000, bila kujua kwamba jirani yupo katika nyumba yake mwenyewe na halipi pango.

Kisha gawanya gharama kwa idadi unayoamini utaifikia ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa watu 60 inakuwa 64,000. Mimi ningetoza 70,000. Kwa ada hiyo studio inajilipa ikiwa na wanachama 55, na ikifikisha 80 inabakiza shilingi 1,760,000 kwa mwezi, ambayo ndiyo mshahara wako na faida yako.

Bei nyingine zote zipangwe kuizunguka hiyo moja. Mtu wa siku moja alipe 10,000. Ukimtoza 5,000, mwanachama anayekuja mara mbili kwa wiki atagundua haraka kwamba kulipa kila siku kunampunguzia gharama, naye ataacha ada ya mwezi. Hapo utakuwa umepoteza fedha unazoweza kuzitegemea. Kwa wanaosafiri sana, uza kifurushi cha madarasa 8 kwa 60,000, kitumike ndani ya siku 40. Anayelipia miezi mitatu kwa pamoja unaweza kumpunguzia asilimia 10, alipe 189,000, kwa sababu bado yupo juu ya sakafu ya 48,000.

Onyo la hatua hii nalitoa kutokana na kosa langu. Nilipofungua studio ya kwanza niliuza ada ya mwaka mzima kwa nusu ya bei ili kupata fedha za haraka, na watu 31 walilipia ndani ya wiki mbili. Fedha zile nilizitumia kununulia vifaa. Kufikia mwezi wa nne darasa la jioni lilikuwa limejaa watu ambao nilikwishakula fedha zao, walimu walidai malipo yao kama kawaida, na mtu mpya aliyekuja na fedha taslimu nilimwambia hakuna nafasi. Ada iliyolipwa mapema ni deni la huduma. Ukiipokea, igawe kwa miezi, na utumie sehemu ya mwezi huu tu.

Hatua ya 6: Kokotoa wanaoondoka

Kwa wengi wetu, hakuna benki inayomkata mwanachama ada kila mwezi bila yeye kufanya lolote. Mtu hulipa kwa Lipa Namba au taslimu, siku 30 zinaisha, halafu anaamua upya. Kwa hiyo hakuna atakayekuja kukuaga. Atachelewa siku tatu, kisha wiki, kisha utakuwa humwoni tena.

Amua tarehe ya kumhesabu mtu kuwa ameondoka. Mimi husubiri siku 14 baada ya kipindi chake kuisha. Kila mwezi chukua wale tu ambao kipindi chao kiliisha ndani ya mwezi huo, uhesabu wangapi hawakulipia tena. Kama kipindi kiliisha kwa watu 40 na waliolipia tena ni 32, wameondoka 8, sawa na asilimia 20. Waliojiunga mwezi huohuo usiwachanganye humo. Kosa linalowaumiza wengi ni kutazama jumla peke yake: mwezi uliopita 50, mwezi huu 52, wakaridhika, kumbe wameondoka 10 na wameingia 12, na siku matangazo yakisimama studio itaanza kumwagika.

Sasa fuata hesabu hii polepole, maana mpango wote umesimama hapa. Tuseme unafungua na wanachama 30 na kila mwezi unapata wapya 12. Ikiwa asilimia 20 huondoka kila mwezi, mwezi wa pili utakuwa na 36, wa tatu karibu 41, wa nne karibu 45, na kila mwezi ongezeko linapungua. Sababu ni kwamba kadiri unavyokuwa na watu wengi, asilimia 20 yao nayo inakuwa watu wengi, mpaka wanaotoka wanalingana na wanaoingia. Kiwango hicho cha kusimama hupatikana kwa kugawanya wapya kwa kiwango cha kuondoka: 12 kwa 0.20 ni 60. Hutapita 60 hata ukisubiri miaka mitatu.

Badilisha namba moja tu. Wakiondoka asilimia 15, kikomo ni 80, ambacho ndicho kikomo cha sakafu yetu. Wakiondoka asilimia 25, kikomo ni 48, chini ya wale 55 wanaohitajika ili studio ijilipe, na hapo studio haitajilipa kamwe, ingawa kila mwezi unaona sura mpya 12 na mapokezi yanaonekana kuchangamka. Ili kuiokoa kwa matangazo peke yake, ungehitaji wapya 20 kila mwezi ili kufika 80, na mtaa una kikomo cha watu wanaoishi mwendo wa dakika 15 kutoka mlangoni kwako.

Kwenye jedwali, weka idadi ya wanachama wa kuanzia kwenye B2, kisha kwenye B3 andika fomyula ifuatayo na uivute chini hadi miezi 24:

```
=B2*(1-0.2)+12
```

Badilisha 0.2 na 12 kwa namba zako. Kabla hujafungua hutakuwa na namba zako, kwa hiyo tengeneza safu tatu, ya 0.15, ya 0.20 na ya 0.25, na usilipe pango kama unaweza kumudu ile ya kwanza tu.

Hatua ya 7: Hesabu mtaji, ikiwemo miezi ya hasara

Kwa kiwango cha asilimia 20, studio yetu inafika wanachama 55 katika mwezi wa tisa. Katika ile miezi minane ya mwanzo mapato hayatoshi: mwezi wa kwanza, watu 30 wanaleta 2,100,000 dhidi ya gharama za 3,840,000, upungufu 1,740,000, mwezi wa pili upungufu ni 1,320,000, nao unaendelea kupungua hivyo. Ukijumlisha yote unapata karibu shilingi 5,860,000. Kwa asilimia 15 jumla hiyo ni karibu 4,180,000 na miezi ya hasara ni mitano.

Mtaji basi ni vifaa 8,430,000, pango la miezi sita ya mkupuo 5,400,000, na upungufu 5,860,000. Jumla 19,690,000, kabla ya rangi, umeme na matengenezo ya choo. Pango la mkupuo lina mtego wake. Kwa kuwa umelilipa, miezi sita ya mwanzo utaona fedha zinabaki, halafu mwezi wa saba mwenye nyumba anadai tena milioni 5.4 kwa siku moja. Tangu mwezi wa kwanza tenga 900,000 kila mwezi kana kwamba unalipa, na hesabu yangu ya upungufu imechukulia kwamba unafanya hivyo.

Mtaji ukiwa hautoshi, punguza madarasa kwanza kabla ya kupunguza vifaa au ada. Kufuta darasa la saa 1 usiku la Ijumaa na moja la Jumamosi kunaokoa walau shilingi 160,000 kwa mwezi, na unaweza kuyarudisha wakati wowote.

Hatua ya 8: Andika mahudhurio, na piga simu siku ya kumi

Kila darasa liwe na orodha ya waliokuja. Kwenye jedwali la wanachama weka safu ya tarehe ya mwisho kuhudhuria, tuseme safu ya D, na pembeni yake fomyula hii inayohesabu siku ambazo mtu hajaonekana:

```
=TODAY()-D2
```

Namba ikifika 10, piga simu. Usisubiri kipindi kiishe, kwa sababu anayeacha kulipa huwa aliacha kuja kabla. Usiulize kwa nini huji. Mtu ataona aibu na kukuahidi kesho. Uliza saa zake zikoje siku hizi.

Nakumbuka dada mmoja, mfanyakazi wa benki, ambaye wiki ya kwanza alikuja Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, wiki ya pili mara moja, ya tatu hakuonekana. Nilipompigia alisema amehamishiwa tawi la mbali na hafiki kabla ya saa 1:30 usiku. Nilimwambia ajaribu darasa la saa 12 asubuhi, akasema hana pa kuoga kabla ya kwenda kazini. Wiki hiyo tulinunua pazia, ndoo mbili kubwa na sabuni, tukatengeneza sehemu ya kuoga nyuma ya stoo. Yeye alirudi, na ndani ya mwezi darasa la asubuhi lilitoka watu watano hadi tisa, maana tatizo halikuwa lake peke yake.

Wapya wanahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa mwezi wa kwanza ndio wanaopotea wengi. Mwalimu amwambie mgeni kabla ya darasa kwamba kesho kutwa miguu itauma na maumivu yatakwisha, ampe uzito mdogo kuliko anaouomba, na mhudumu amwandikie ujumbe siku ya pili. Anayeshindwa kushuka ngazi kwa siku tatu bila kuonywa huamini ameumia, naye harudi.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatambua

*Jioni watu wanarudishwa mlangoni, lakini fedha hazitoshi.* Tazama ni wangapi kati ya waliojaa wanalipa ada kamili. Mara nyingi utakuta vifurushi vya bei ya ufunguzi ambavyo havikuwekewa tarehe ya mwisho. Waheshimu waliovinunua hadi muda waliolipia uishe, usiwauzie tena kwa bei hiyo, na uwaambie mapema kwa maandishi.

*Wanachama wanashuka ghafla Januari.* Angalia kwanza kama ni ada za shule na safari za mwisho wa mwaka kabla ya kumlaumu mwalimu. Ruhusu mtu asimamishe uanachama wake mara moja kwa mwaka, kwa siku zisizozidi 30, kwa ombi la kabla na siyo la baada. Aliyesimamisha ana siku zake za kurudia. Aliyeachwa siku zimwishie bure anarudi kwa shida.

*Mwezi wa Ramadhani darasa la saa 11:30 jioni linabaki tupu.* Wafungaji wanajiandaa kufuturu saa hiyo. Lihamishie baada ya tarawehe, saa 4 usiku, likiwa fupi na jepesi, ukikubaliana kwanza na majirani kuhusu muziki. Tangaza ratiba hiyo wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa mwezi wenyewe huanza mapema kwa karibu siku 11 kila mwaka na ratiba ya mwaka jana haitafaa.

*Mwalimu mmoja ameondoka na wanachama wake.* Utajua kwa kuangalia mahudhurio: ikiwa zaidi ya nusu ya wanaoondoka walikuwa wakija kwenye madarasa ya mtu mmoja, tatizo ni hilo. Kwa siku zijazo, kila darasa linalojaa lipangiwe walimu wawili wanaopokezana, na malipo yote yapitie Lipa Namba ya studio, kamwe yasipitie simu ya mwalimu.

*Kiwango cha kuondoka kinashuka, lakini jumla haipandi.* Wapya wamepungua. Hesabu waliokuja kujaribu mara moja na wangapi kati yao walijiunga. Waliojaribu wakiwa wengi na waliojiunga wachache, keti nyuma ya darasa lako mwenyewe jioni moja, kwenye kona ile ya nguzo, uone kama mwalimu anaonekana na anasikika kutoka hapo.